Malipo ya simu yanapokwama njiani: namna ya kurudia ombi bila kumkata mteja mara mbili

*Ndugu mtaalamu, tuna duka la zana za uvuvi Kirumba, Mwanza, na mimi ndiye niliyeandika programu yetu ya mauzo. Muuzaji anaingiza namba ya mteja, mteja anapata ujumbe wa kuweka namba ya siri, analipa. Niliweka muda wa kusubiri wa sekunde 30, ukipita programu inajaribu tena yenyewe mara moja. Juzi mteja wa Bwisya, kisiwani Ukara, amekatwa 84,000 mara mbili kwa oda moja, na kwetu oda inaonyesha malipo yameshindikana. Kumbukumbu za seva zina maombi mawili, 10:14:05 na 10:14:35. Je, niongeze muda wa kusubiri, au niondoe kabisa kujaribu tena?*

Ndugu yangu, hatua zote mbili hazitoshi. Ukiongeza muda wa kusubiri, matukio ya aina hii yatapungua lakini hayatakwisha, kwa sababu siku mtandao wa kisiwani ukizidi kudorora, hata sekunde 90 zitapita bila jibu. Ukiondoa kujaribu tena, kazi hiyo itahamia kwenye kidole cha muuzaji, ambaye ana foleni mbele yake na atabonyeza mwenyewe mara ya pili. Tatizo lako liko mahali pengine: maombi yako mawili yalikwenda kwa mtoa huduma yakiwa na namba mbili tofauti za kumbukumbu, hivyo kwake yalikuwa madai mawili halali ya mtu yuleyule, na mteja aliidhinisha yote mawili kwa namba yake ya siri.

Nyakati mbili ulizonipa zinatosha kuonyesha kilichotokea, kwa sababu zimeachana kwa sekunde 30 kamili. Hakuna muuzaji anayebonyeza kwa usahihi wa namna hiyo, kwa hiyo ombi la pili lilitumwa na programu yenyewe. Saa 10:14:05 ombi la kwanza lilifika kwa mtoa huduma, naye akamfungulia mteja ujumbe wa namba ya siri. Mteja yuko Bwisya, mawimbi yanakuja na kupotea, ujumbe unachelewa kutokea, naye anahitaji muda wa kusoma kiasi na kuandika namba yake. Wakati huo programu yako imekwisha kukata tamaa, na saa 10:14:35 imetuma dai jipya. Mteja anamaliza kulipa la kwanza, ujumbe wa pili unatokea, na yeye anaamini, kama ambavyo mtu yeyote angeamini, kwamba la kwanza halikupita. Analipa tena. Jibu la kwanza likarudi seva ikiwa imekwisha kuacha kulisikiliza, na la pili nalo likachelewa au likapotea, ndiyo maana oda yako ikabaki na neno la kushindikana ilhali akaunti yako ya biashara ina shilingi 168,000.

Ili ujue wapi pa kuweka ulinzi, tenganisha safari tatu ambazo malipo hayo yalipita. Ya kwanza ni kati ya simu ya muuzaji na seva yako, kwa intaneti. Ya pili ni kati ya seva yako na ya mtoa huduma, na hii kwa kawaida ni imara. Ya tatu ni kati ya mtoa huduma na simu ya mteja, na hii haitumii intaneti kabisa: ujumbe wa namba ya siri hupita kwenye njia ya USSD, ileile inayobeba menyu ya `*150*00#`, ndiyo maana hata asiye na bando hulipa. Mazungumzo ya USSD ni ya papo kwa papo. Mawimbi yakikatika katikati, yanafungwa na hayawezi kuendelezwa. Lakini kinachofungwa ni mazungumzo tu. Namba ya siri ikiwa imekwisha kufika, fedha zinahamishwa ndani ya mfumo wa mtoa huduma hata kama skrini ya mteja imezimika au imeandika kwamba kuna hitilafu ya muunganisho.

Ujumbe mfupi wa uthibitisho hufuata njia yake pia. Huo huhifadhiwa kwenye kituo cha ujumbe na kupelekwa simu inapopatikana, kwa hiyo unaweza kufika baada ya dakika kadhaa au mvuvi akirudi kutoka ziwani. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wengi humwuliza mteja, "Meseji imeingia?" na akijibu hapana, wanamwambia alipe tena. Kutofika kwa meseji si ushahidi kwamba fedha hazijakatwa. Vilevile mteja anapoapa kwamba simu yake ina vijiti vitatu vya mtandao, usimbishie, ila usimtegemee. Vijiti hivyo hupima jinsi simu inavyousikia mnara, na mnara una nguvu nyingi kuliko simu. Juu ya maji mapana simu inaweza kuusikia mnara wa mbali vizuri kabisa huku sauti yake yenyewe ikishindwa kufika kule.

Kasoro ya msingi ya programu yako, basi, ni kuwa na hali mbili tu, yaani imelipwa na imeshindikana. Muda wa kusubiri ukiisha, unachojua ni kwamba hukupata jibu. Hujui kama ombi halikufika, au lilifika na linamsubiri mteja, au lilifika, likalipwa, na jibu ndilo lililopotea. Programu ikiziita hali zote hizo kushindikana, inasema isichokijua, na muuzaji anatenda kwa kuiamini. Unahitaji hali ya tatu, ambayo nitaiita `INASUBIRI`, na kanuni yake ni kwamba malipo hayatoki humo kwa sababu ya kupita kwa muda peke yake. Hutoka kwa jibu la wazi la mtoa huduma, au kwa taarifa ya akaunti.

Majibu ya wazi ni yapi? Chukua API ya wazi ya M-Pesa kama mfano. `INS-0` maana yake ombi limefanikiwa. `INS-5` ni mteja ameghairi na `INS-2006` ni salio halitoshi. Haya mawili ni majibu ya kweli ya kukataliwa, na baada yake unaweza kuanza dai jipya bila hofu. `INS-9` ni muda wa ombi umeisha, na huo unaingia kwenye `INASUBIRI`, sawasawa na pale ambapo hukupata jibu lolote. `INS-1`, yaani hitilafu ya ndani, mimi huiweka humohumo, kwa kuwa haisemi hitilafu ilitokea kabla au baada ya fedha kuhama. Msimbo wowote usioufahamu nao uende huko.

Uliobaki ni `INS-10`, unaosema muamala umejirudia, na nimeona watu makini wakiutafsiri vibaya. Wanauona kama kosa, wanatengeneza namba mpya ya kumbukumbu ili lisijirudie tena, na kwa kufanya hivyo wanavunja kinga pekee waliyokuwa nayo. `INS-10` ni habari njema: mtoa huduma anakwambia kwamba ombi lenye namba hiyo analo tayari. Kinachofuata ni kuuliza hali ya ombi lile, basi.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe ya kumbukumbu, kwa sababu hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Nadhani unaitengeneza ndani ya kazi inayotuma ombi, pengine kwa saa ya wakati huo au kwa tarakimu za kubahatisha, hivyo kila jaribio linapata namba mpya. Itengeneze mapema zaidi, wakati muuzaji anapothibitisha oda, kisha ihifadhi kwenye simu yake kabla hata ombi la kwanza halijatoka. Ikiwa programu itafungwa ghafla, au simu itaishiwa chaji, au muuzaji atabonyeza mara nne, namba itakayotumwa ni ileile. Jaribio la pili linapaswa kuwa nakala kamili ya la kwanza: namba ileile, kiasi kilekile, simu ileile. Kwenye API niliyoitaja, sehemu hizo ni `input_ThirdPartyConversationID` na `input_TransactionReference`, na wakati wa kurudia nakushauri usibadilishe hata moja.

Hata hivyo, usiiachie simu ya muuzaji ulinzi wote. Duka linaweza kuwa na simu mbili, na wauzaji wawili wakaifungua oda moja, kila mmoja kwa namba yake. Ulinzi wa mwisho ukae kwenye hifadhidata ya seva, mahali ambapo hapahitaji mtu kukumbuka kitu. Kama unatumia PostgreSQL, mistari hii inatosha:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  kumbukumbu TEXT PRIMARY KEY,
  oda        TEXT NOT NULL,
  simu       TEXT NOT NULL,
  kiasi      BIGINT NOT NULL,
  hali       TEXT NOT NULL DEFAULT 'INASUBIRI',
  risiti     TEXT UNIQUE
);

CREATE UNIQUE INDEX lipo_moja_hai
  ON malipo (oda)
  WHERE hali <> 'IMEKATALIWA';
```

Faharasa hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inasema kwamba oda moja haiwezi kuwa na malipo mawili kwa wakati mmoja ambayo ama yanasubiri ama yamelipwa. Malipo yaliyokataliwa waziwazi yanaweza kuwa mengi kadiri mteja anavyokosea namba ya siri, lakini lililo hai ni moja. Kama mnaruhusu wateja kulipa kidogo kidogo, ongeza safu ya awamu na uiweke kwenye faharasa pamoja na oda, vinginevyo awamu ya pili itakataliwa. Ombi linapofika kutoka kwa muuzaji, seva inaanza kwa kujaribu kuliandika:

```sql
INSERT INTO malipo (kumbukumbu, oda, simu, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT DO NOTHING
RETURNING kumbukumbu;
```

Ukirudishiwa mstari, wewe ni wa kwanza, na una ruhusa ya kutuma kwa mtoa huduma. Usiporudishiwa kitu, malipo ya oda hiyo yapo tayari. Yasome, mpe muuzaji hali yake ya sasa, na usitume chochote. Hapa hakuna haja ya kuuliza kwanza kama oda ina malipo ndipo uandike. Ukiuliza kwanza, maombi mawili yanayofika kwa wakati mmoja yote yataambiwa hapana, na yote yataandika.

Mpangilio wa hatua nao una uzito wake. Andika mstari, ukamilishe uandishi huo kwenye hifadhidata, ndipo umwite mtoa huduma. Ukimwita kabla ya kukamilisha, seva ikianguka katikati utakuwa umedai fedha bila kuacha alama yoyote kwako. Kwa mpangilio ninaokushauri, hatari inayobaki ni kinyume chake: mstari upo lakini ombi halikutoka. Hiyo inatibika, kwa kuwa mstari unaonekana, na unaweza kuuliza habari zake.

Kuuliza ndiko kunakochukua nafasi ya kule kujaribu tena kulikokuletea hasara. Muda wa kusubiri ukiisha, seva yako isitume dai. Iulize hali ya dai lililopo, kwa namba ileile ya kumbukumbu. Watoa huduma wengi wana njia ya kuuliza hali ya muamala, na swali hilo unaweza kulirudia mara mia bila kumkata mtu senti. Uliza baada ya sekunde 30, kisha baada ya dakika moja, mbili, tano, na baada ya hapo kila nusu saa. Ukiongeza nafasi kati ya maswali unaepuka pia kuubebesha mzigo mfumo wa mtoa huduma wakati ambao pengine wenyewe ndio unaoyumba.

Jibu gumu zaidi katika maswali hayo ni pale unapoambiwa kwamba muamala huo haupo. Usiliamini haraka. Ombi linaweza kuwa bado kwenye foleni, au mteja hajaandika namba ya siri, na muamala haujasajiliwa mahali ambapo swali lako linatazama. Subiri hadi upite muda ambao mtoa huduma anampa mteja kuidhinisha, muda utakaoupata kwenye mkataba au kwa kuwauliza mafundi wao, kisha uongeze dakika chache za tahadhari. Kama bado haupo, tuma tena, lakini kwa namba ileile. Ikiwa kumbe ulikuwapo, mtoa huduma anayekagua marudio atakujibu kwa msimbo wa aina ya `INS-10`. Kabla ya kutegemea hilo, jaribu kwenye mazingira yao ya majaribio kuona kama kweli wanakataa namba iliyojirudia, na kama wanaikataa kwa siku moja au daima. Kama hawakagui kabisa, usitume tena kwa mashine. Acha malipo hayo yaamuliwe kwa taarifa ya akaunti.

Kuhusu muda wa kusubiri uliouliza, jibu langu ni kwamba uwe wa aina mbili. Simu ya muuzaji haina haja ya kusubiri malipo yakamilike. Itume ombi, seva ijibu papo hapo kwamba imelipokea na linasubiri, kisha simu iulize maendeleo kila baada ya sekunde chache. Kwa njia hiyo hakuna muunganisho mmoja mrefu unaoweza kukatwa na mtandao dhaifu, na seva yako ndiyo inayobaki na kazi ya kusubiri. Kati ya seva yako na mtoa huduma, muda uzidi ule anaopewa mteja kuandika namba ya siri, la sivyo utakata tamaa kabla yake kila mara, kama ilivyotokea saa 10:14:35.

Kuna kujaribu tena kwingine ambako hukukuandika wewe, na itakubidi ukutafute. Kama programu yako ya Android inatumia OkHttp, ujue kwamba `retryOnConnectionFailure` huwa imewashwa tangu mwanzo, na kwamba muda wake wa kusubiri kusoma jibu ni sekunde 10 usipoubadilisha. Kama mbele ya seva umeweka Nginx, `proxy_read_timeout` yake ni sekunde 60. Ukipita, simu ya muuzaji inapokea 504 huku programu iliyo nyuma yake ikiendelea kumsubiri mtoa huduma kana kwamba hakuna kilichotokea. Huna haja ya kuvizima vyote. Ukiwa na namba moja ya kumbukumbu na faharasa ile, marudio ya namna hiyo yanagonga ukuta bila madhara. Ila 504 isitafsiriwe popote kuwa malipo yameshindikana.

Mtoa huduma anayekutumia matokeo yeye mwenyewe baadaye anakupa jambo jingine la kuzingatia. Taarifa hiyo inaweza kufika mara mbili, au kufika kabla ya jibu la ombi lako, au kufika ikisema imelipwa kwa malipo ambayo mtu wa ofisini alikwisha kuyaweka `IMEKATALIWA` kwa mkono. Hali ya mwisho ndiyo ngumu: ikiwa oda imekwisha kupata malipo mengine, kubadilisha hali kutagonga faharasa na hifadhidata itakataa. Kwa hiyo kila taarifa inayoingia iandikwe kwanza jinsi ilivyo kwenye jedwali la pembeni, mtoa huduma ajibiwe kwamba imepokelewa, ndipo uanze kuishughulikia. Ikigonga faharasa, hiyo si hitilafu ya kuficha kwenye kumbukumbu za seva. Ni mteja aliyelipa mara mbili, na jina lake liende kwenye orodha ya kurudishiwa siku hiyohiyo.

Yote haya yanaweza kubomolewa na sentensi moja ya muuzaji: "Basi tuma kwa lipa namba." Hapo mteja anafungua menyu na kulipa kwa mkono, nje kabisa ya namba yako ya kumbukumbu, wakati dai la kwanza bado liko hai na ujumbe wake unaweza kutokea tena kwenye simu yake dakika hiyohiyo. Hifadhidata haiwezi kuzuia jambo isilolijua. Skrini ndiyo itakayokusaidia hapa, kwa kuwa muuzaji hufuata maneno anayoyaona. Ondoa kitufe cha kulipa malipo yakiwa `INASUBIRI`, na mahali pake weka maneno kama haya: "Malipo yanasubiri uthibitisho. Mteja asilipe tena kwa njia yoyote. Akipata ujumbe mwingine wa namba ya siri kwa oda hii, aukatae." Kisha onyesha saa ambayo programu itauliza tena, maana mtu anayejua kwamba jibu linakuja saa nne na nusu anavumilia kuliko anayetazama duara linalozunguka.

Mteja akiwa na haraka, kwa sababu mzigo unatakiwa uwahi kivuko cha Nansio ili ufike Bugolora kabla ya chombo cha kwenda Ukara kuondoka, hilo ni la mwenye duka kuamua: ama amkopeshe kwa kumwamini, ama mzigo usubiri chombo kijacho. Afadhali programu iwe na kitufe cha kukopesha kinachoandika jina la aliyeruhusu kuliko muuzaji kubuni njia yake. Na akionyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, asiitumie kama risiti. Aichukue namba ya muamala iliyomo, seva iitafute.

Utakapomaliza kuandika, usijaribu kwa mtandao mzuri wa Kirumba tu. Tengeneza seva ndogo ya kuigiza mtoa huduma, ambayo inapokea ombi, inaandika kwamba imekata fedha, halafu inanyamaza bila kujibu. Bonyeza, weka simu kwenye hali ya ndege, itoe, bonyeza tena, ifunge programu na kuifungua. Mwishoni hesabu makato kwenye ile seva ya kuigiza. Yakizidi moja, kuna mahali namba ya kumbukumbu inazaliwa upya.

Sasa zile 84,000 za mteja wako. Pata kwanza taarifa ya akaunti ya biashara na uhakikishe kuna risiti mbili tofauti, namba moja ya simu, kiasi kimoja. Ukishaziona, weka oda kuwa imelipwa kwa risiti ya kwanza, na urudishe ya pili. Njia iliyo safi ni kumwomba mtoa huduma augeuze muamala wa pili wenyewe, kwa sababu unarudi ukiwa umefungwa na risiti yake. Ukiamua kumtumia fedha kama malipo mapya, kumbuka kwamba huo nao ni muamala unaoweza kukwama njiani, na mtandao wa Bwisya ni uleule. Mpe urejeshaji jedwali lake, ambamo risiti inayorudishwa ndiyo ufunguo wa msingi, ili asije akarudishiwa mara mbili na watu wawili wa ofisini wanaomhurumia kwa pamoja. Njia zote mbili zisifanyike kwa risiti moja: ukiomba mtoa huduma ageuze, usitume fedha hadi upate jibu la maandishi kwamba amekataa.

Nina hakika kwamba huyu si wa kwanza, ni wa kwanza kulalamika. Ukitafuta kwenye hifadhidata yako oda zenye malipo mawili yaliyofanikiwa hutawapata wengine, kwa kuwa mfumo wako uliyaita yameshindikana. Pakia taarifa ya akaunti ya miezi iliyopita kwenye jedwali, tuseme `taarifa`, kisha tafuta makato ya simu moja na kiasi kimoja yaliyoachana kwa chini ya dakika tano:

```sql
SELECT a.simu, a.kiasi, a.risiti, b.risiti
FROM taarifa a
JOIN taarifa b
  ON a.simu = b.simu
 AND a.kiasi = b.kiasi
 AND b.muda > a.muda
 AND b.muda < a.muda + interval '5 minutes';
```

Orodha itakayotoka ni ya washukiwa, kwa kuwa yupo anayenunua kamba ya bei moja mara mbili kwa ajili ya mitumbwi miwili. Linganisha kila jozi na oda zenu: ukikuta oda mbili zilizotolewa, iache, ukikuta oda moja, mpigie mteja kabla hajakupigia wewe.